Siku 21, siku 30: hesabu ya mpishi wa Dubai

Karatasi aliyoniletea ilikuwa na mstari mmoja tu wenye maana: dirhamu 9,240. Juu yake jina la kampuni, chini yake nafasi ya sahihi. Hapakuwa na idadi ya miaka, idadi ya siku wala mshahara uliotumika katika hesabu. Mwenye karatasi ni mpishi, mtu wa Tanga, aliyeanza kazi kwenye jiko la hoteli moja Dubai tarehe 1 Machi 2017 na kumaliza tarehe 31 Agosti 2024. "Kaka," akaniambia, "wewe umezishika hesabu za watu miaka yote. Nisomee hii kabla sijatia sahihi."

Nilimwomba vitu viwili: mkataba wake wa mwisho, na kumbukumbu ya siku zote alizokaa bila kulipwa. Vingine vyote havina kazi katika kiinua mgongo cha Falme za Kiarabu. Mkataba ulionyesha jumla ya dirhamu 3,000 kwa mwezi, na ndani yake mshahara wa msingi ulikuwa 1,800. Zilizobaki zilikuwa posho: nyumba 700, usafiri 300, na nyingine 200. Mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa sababu ya korona, alikaa nyumbani miezi miwili kwa likizo isiyo na malipo.

Sheria inayomhusu ni ya 2021, namba 33, iliyoanza kutumika Februari 2022. Inasema mfanyakazi mgeni aliyetimiza mwaka mmoja wa utumishi mfululizo anastahili mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika ile mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Akishavuka mwaka wa kwanza, vipande vya mwaka navyo vinalipwa kwa kadiri yake. Siku ambazo hakufika kazini na hakulipwa haziingii katika utumishi, lakini likizo ya mwaka yenye malipo inaingia. Jumla yote isizidi mshahara wa miaka miwili.

Sasa tuhesabu. Toka Machi 2017 mpaka mwisho wa Agosti 2024 ni miaka saba na miezi sita. Ondoa miezi miwili ya 2020, inabaki miaka saba na miezi minne. Miaka mitano ya kwanza kwa siku 21 inatoa siku 105. Miaka miwili na miezi minne kwa siku 30 inatoa siku 70. Jumla ni siku 175. Mshahara wa msingi wa 1,800 ukigawanywa kwa siku 30 unatoa dirhamu 60 kwa siku. Siku 175 mara 60 ni dirhamu 10,500.

Karatasi ilisema 9,240. Kampuni ikikupa jumla bila hesabu, unaweza kuifuata hesabu hiyo kinyumenyume. Nikagawanya 9,240 kwa 60, nikapata siku 154. Nikagawanya 154 kwa miaka saba na miezi minne, ikatoka siku 21 kamili. Basi hapo hakuna siri tena: karani alitumia siku 21 kwa miaka yote na kuisahau ile 30 ya baada ya mwaka wa tano. Dirhamu 1,260 zilikuwa zimepotelea hapo. Kosa hili nimelikuta mara nyingi, na mara nyingi ni uzembe wa jedwali la hesabu lililonakiliwa kutoka kwa mfanyakazi wa miaka mitatu likatumika kwa mfanyakazi wa miaka minane. Ungegawanya ukapata namba isiyolingana na 21 wala na mchanganyiko wa 21 na 30, ungejua kosa liko kwingine: ama mshahara si ule wa mwisho, ama zimepunguzwa siku ambazo hazikustahili kupunguzwa.

Mpishi aliniuliza swali ambalo kila mtu huuliza: kwa nini wasihesabu kwa 3,000, ambazo ndizo alizokuwa akizipokea mkononi kila mwezi? Kwa 3,000 siku moja ingekuwa dirhamu 100 na kiinua mgongo kingekuwa 17,500. Jibu ni kwamba sheria imetaja mshahara wa msingi peke yake, na posho zote zimeachwa nje. Dirhamu 7,000 za tofauti hiyo hazikuibwa alipoondoka. Ziliondoka siku alipotia sahihi mkataba ambao dirhamu 1,200 kati ya 3,000 ziliandikwa posho. Anayetafuta kazi Ghuba huuliza "wanalipa ngapi?" na kuridhika na jumla. Swali lenye uzito zaidi ni hili: kati ya hizo, za msingi ni ngapi?

Nimekaa upande wa mwajiri miaka mingi, nikiandika hesabu hizi kila mwisho wa mwezi, na nataka msomaji auone mgawanyo huu kama mwajiri anavyouona. Mpishi alianza na mshahara wa msingi wa 1,200, yaani 40 kwa siku. Siku 21 mara 40 ni 840 kwa mwaka, sawa na dirhamu 70 kwa mwezi. Kila mwezi mhasibu huandika gharama ya 70 na deni la 70. Mwaka wa tano wa utumishi ukishapita, siku zinakuwa 30, basi gharama inapanda hadi 100 kwa mwezi. Deni linajengeka pole pole na hakuna anayeshtuka.

Ikafika tarehe 31 Desemba 2023. Kufikia siku hiyo mpishi alikuwa na utumishi wa miaka sita na miezi minane, yaani siku 155. Kwa dirhamu 40 kwa siku, deni lake vitabuni lilikuwa 6,200. Tarehe 1 Januari 2024 alipandishwa mshahara, na mshahara wa msingi ukatoka 1,200 ukawa 1,800. Kwa kuwa kiinua mgongo kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi wa mwisho, siku zote 155 za nyuma zilibadilika thamani papo hapo, zikawa dirhamu 60 kila moja. Deni liliamka asubuhi ya Januari likiwa 9,300. Mpishi hakuwa amepika hata sahani moja ya mwaka mpya, na mwajiri alikuwa tayari anadaiwa 3,100 zaidi kwa kazi iliyofanywa zamani.

Msingi ukipanda mara moja, miaka yote ya nyuma inapanda nao. Ndiyo maana meneja wa fedha, akiombwa nyongeza ya 600, huandika 600 za posho ya nyumba, usafiri au chakula. Mfanyakazi anaona 600 zake mfukoni na kushukuru, lakini siku zake 155 zimebaki palepale kwenye 40. Mpishi wetu alikuwa na bahati: bosi wake wa wakati ule alipandisha msingi wenyewe. Hotelini kwake hilo halikuwa jambo la kawaida.

Kanuni za kimataifa za uhasibu zimelitambua tatizo hili. Kiwango namba 19, kinachohusu mafao ya wafanyakazi, hakitaki mhasibu asubiri mruko wa Januari. Kinamtaka akadirie mshahara ambao mfanyakazi atakuwa nao siku ya kuondoka, akadirie pia wangapi wataondoka na lini, kisha arudishe kiasi hicho kwenye thamani ya leo. Kampuni kubwa huajiri wataalamu wa makadirio kwa kazi hiyo. Kampuni ndogo nyingi nilizopitia hupiga hesabu kwa mshahara wa leo tu, na kila nyongeza inawajia kama ajali. Ajali ya namna hiyo ikitokea mara mbili tatu, mwenye kampuni huanza kutafuta njia ya kuishusha tena namba ile.

Njia anayoipata ni mkataba mpya. Mfanyakazi anaitwa ofisini na kuambiwa mfumo wa mishahara unapangwa upya. Jumla inabaki 3,000 au hata inaongezeka hadi 3,100, lakini ndani yake msingi umerudi 1,200 na posho zimevimba. Sheria haimruhusu mwajiri kufanya hivyo peke yake, kwa sababu masharti ya mkataba hubadilishwa kwa ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi. Basi anachohitaji ni sahihi. Kwa siku 175 za mpishi, sahihi hiyo ingemgharimu dirhamu 20 kwa kila siku, yaani 3,500 kwa jumla, na angelipwa 100 kwa mwezi kama kifuta jasho. Ingemchukua miezi 35 ya ile 100 kufidia alichokitoa kwa dakika moja. Nimewahi kuwaona watu wazima, wenye akili zao, wakitia sahihi karatasi hiyo huku wakitabasamu, kwa kuwa jumla ilikuwa imepanda. Iliniuma wakati ule, na inaniuma hadi leo, maana mimi ndiye niliyeombwa kuandaa jedwali. Kampuni ile siitaji, na sitafuti pa kujificha nyuma yake.

Wasomaji wa nyumbani huchanganya mambo hapa, na si kosa lao, maana neno kiinua mgongo tunalitumia kwa mambo yasiyofanana. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyemaliza angalau miezi 12 mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Fungu hilo hudaiwa mwajiri anapovunja mkataba. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 ina malipo ya utumishi, lakini inawaondoa waliomo kwenye NSSF au kwenye mfuko mwingine wa pensheni au kiinua mgongo. Siku ni chache kwetu kwa sababu pembeni yake kuna mfuko wa hifadhi ya jamii unaochangiwa kila mwezi. Mgeni wa Dubai hana mfuko huo. Pensheni ya Falme za Kiarabu ni ya wenyeji, na mgeni anaondoka na hizi siku 21 na 30 peke yake. Anayezitazama kama zawadi ya kuagana amekosea. Ni sehemu ya ujira wake ambayo malipo yake yamecheleweshwa miaka saba.

Swali la pili la mpishi lilikuwa juu ya kuacha kazi. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kuondoka, na wenzake walimtisha kwamba anayejiondoa hukatwa. Walikuwa wanasimulia sheria ya zamani. Chini ya sheria ya 1980, mwenye mkataba usio na ukomo aliyejiuzulu kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu alipata theluthi moja. Kati ya wa tatu na wa tano theluthi mbili. Na baada ya mitano alipata chote. Sheria ya 2021 imefuta ngazi hizo. Anayeacha na anayeachishwa wanahesabiwa sawa, mradi mwaka mmoja umetimia. Hadithi ya theluthi bado inazunguka kwenye vyumba vya wafanyakazi kwa sababu ina faida kwa wanaoisambaza.

Kuna mipaka ya mambo haya, na afadhali niitaje hapa. Wafanyakazi wa nyumbani, ambao wengi wao ni dada zetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, wana sheria yao, na hesabu hii si yao. Walioajiriwa ndani ya vituo vya fedha vya DIFC mjini Dubai na ADGM mjini Abu Dhabi nao wana kanuni zao. Vilevile Saudia na Oman zina sheria tofauti, kwa hiyo mtu asiichukue 21 na 30 akaenda nayo Riyadh.

Turudi kwenye lile deni. Nimesema mhasibu anaandika 70, kisha 100 kila mwezi, na baada ya nyongeza ya Januari ikawa 150. Kuandika si kuweka. Sheria ya msingi haimlazimishi mwajiri kuitenga fedha hiyo benki. Ile 10,500 ya mpishi ilikuwa wino kitabuni, na fedha yenyewe ilikuwa imeshanunua majokofu na kulipa kodi ya jengo. Kampuni ikiwa hai inalipa kutokana na mapato ya mwezi huo. Kampuni ikianguka, wote wanaondoka siku moja, na deni lililojengeka miaka mingi linadaiwa kwa mkupuo wakati hakuna mapato.

Serikali iliziba sehemu ya pengo hilo kwa bima. Mwajiri anachagua kati ya bima inayomlinda kila mfanyakazi hadi dirhamu 20,000, na dhamana ya benki isiyopungua 3,000 kwa kila mfanyakazi. Kwa mwajiri ni chaguo la gharama. Kwa mpishi mwenye 10,500 ni jambo jingine kabisa: bima ingemfunika yote, dhamana ya 3,000 isingefika hata theluthi. Na ndani ya kinga hiyo hakuna kiinua mgongo tu, kuna mishahara iliyosimama pia.

Njia mpya zaidi ni mifuko ya akiba. DIFC ilianza yake Februari 2020. Mwaka 2023 Baraza la Mawaziri la Falme za Kiarabu likaruhusu mfumo wa hiari kwa waajiri wengine: badala ya kungoja mwisho, mwajiri hupeleka kila mwezi asilimia 5.83 ya mshahara wa msingi kwa mwenye utumishi wa chini ya miaka mitano, na asilimia 8.33 baada ya hapo. Namba hizo hazikuokotwa. Siku 21 ukizigawa kwa siku 360 ni 5.83 kwa mia, na siku 30 kwa 360 ni 8.33 kwa mia. Fedha hukaa nje ya kampuni na kuwekezwa, na kampuni ikifa, akiba haifi nayo.

Watu wengi wanaishia hapo na kusema mfumo huu ni bora bila swali. Mimi nataka tuurudie mruko wa Januari. Tuseme mpishi angekuwa ndani ya mfumo kama huo tangu siku ya kwanza. Michango ya miaka sita na miezi minane, yote kwa msingi wa 1,200, ingefika 6,200. Miezi minane ya 2024 kwa msingi wa 1,800 ingeongeza 1,200. Jumla ni 7,400, pamoja na faida ya uwekezaji au hasara yake. Kwa njia ya zamani alistahili 10,500. Ile 3,100 ya Januari haipo, kwa sababu mchango uliokwisha kupelekwa kwa mshahara wa 2018 hauwezi kupanda kwa nyongeza ya 2024. Ili afike mahali pamoja, uwekezaji ungepaswa kumletea hiyo 3,100 yote, takriban nusu ya michango aliyokuwa nayo kabla ya nyongeza.

Basi mfanyakazi anabadilishana vitu viwili: anapata usalama wa fedha kuwepo, anapoteza haki ya miaka yake ya nyuma kupanda pamoja na mshahara. Kwa mlinzi ambaye msingi wake haujaguswa miaka minane, na kampuni yake inayumba, mfuko wa akiba ni nafuu kubwa, ningemwombea aingizwe kesho. Kwa mpishi kijana anayetarajia kuwa mpishi mkuu, na mwajiri imara, njia ya zamani inampa zaidi. Uamuzi wa kujiunga ni wa mwajiri. Kwa waliokuwepo kabla, kiinua mgongo cha nyuma hakipotei, lakini kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi wa siku ya kujiunga na kuganda hapo. Ukisikia kampuni inajiunga na mfuko mwezi mmoja kabla ya nyongeza kubwa ya mishahara, sasa unajua kwa nini mwezi huo ulichaguliwa.

Mpishi alikuwa amehuisha mkataba wake mara tatu, na hilo lilimtia hofu. Mwaka 2022, sheria mpya ilipoifanya mikataba yote iwe ya muda maalumu, msimamizi wake alimwambia miaka inaanza upya. Haianzi. Mkataba ukihuishwa, kipindi kipya kinaungana na cha zamani katika kuhesabu utumishi. Hatari halisi iko kwenye kuhamishwa kampuni dada: jengo lile lile, jiko lile lile, lakini jina la mwajiri kwenye kibali limebadilika, na miaka mitano ya nyuma imebaki kwa kampuni ya kwanza. Hapo ni lazima ama kampuni ya kwanza ilipe kabla ya uhamisho, ama ya pili ikubali kwa maandishi kuichukua miaka hiyo.

Kuhusu karatasi yake ya 9,240, nilimshauri asitie sahihi. Sheria inampa mwajiri siku 14 baada ya mkataba kwisha kulipa kila kitu, na siku hizo zilikuwa bado hazijatimia. Nilimwonya zaidi juu ya karatasi ya kufuta kibali cha kazi, kwa sababu humo kuna maneno kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote. Wengi huitia sahihi fedha ikiwa bado ahadi, kwa sababu tiketi imekatwa. Pia alikuwa amekatwa 400 za ada ya kibali chini ya ukurasa wa pili, ambazo hakuwa ameziona. Ada za kuajiri na za vibali ni za mwajiri, haziruhusiwi kumwangukia mfanyakazi.

Aliandika barua ya mistari sita: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, miezi miwili ya kutoa, siku 105 na siku 70, dirhamu 60 kwa siku, jumla 10,500, na ombi la kurudishiwa 400. Kama wangekataa, angepeleka malalamiko MOHRE, wizara ya kazi ya huko, ambayo tangu 2024 ina mamlaka ya kutoa uamuzi wa mwisho kwa madai yasiyozidi dirhamu 50,000. Muda wa kudai nao umeongezwa mwaka huo huo, ukatoka mwaka mmoja hadi miaka miwili tangu kazi ilipokwisha. Haikufika huko. Siku ya tisa karani alimpigia simu, akamwambia jedwali lilikuwa la zamani.

Alinirudia jioni hiyo na rafiki yake wa chumba kimoja, muosha vyombo, miaka sita kazini. Huyo alikuwa na nakala ya mkataba aliotia sahihi Juni. Jumla 2,200. Nikashusha kidole kwenye mstari wa msingi: 700. Nikamwuliza kabla ya Juni ilikuwa ngapi. Akafikiri kidogo, akasema, "Elfu moja na mia moja, kaka. Lakini walituongeza."